Mtoa mada amejitoa usiku: namna ya kutangaza ratiba mpya ya siku ya kongamano

Tangazo linalopoteza watu huwa linafanana kila mahali: "Ndugu washiriki, kutokana na sababu zisizozuilika, kutakuwa na mabadiliko madogo ya ratiba. Tafadhali rejeeni kiambatisho." Asubuhi yake nusu ya watu wako ukumbini na nusu wako hotelini wakinywa chai, na mtoa mada mmoja amesimama mbele ya viti vitupu katika chumba kisicho chake. Wanaoandika matangazo ya namna hii si wazembe. Wameanza kuandika kabla ya kupanga, na wameandika saa kwa namna inayosomeka mara mbili.

Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kongamano la siku mbili la walimu wa Kiswahili mjini Morogoro, lenye washiriki 180 ukumbini na wengine wanaofuatilia kwa Zoom kutoka Bujumbura, Goma, Maskati na London. Siku ya pili ni Ijumaa, tarehe 14 Novemba. Alhamisi saa 1:10 usiku, aliyepangwa kutoa mada elekezi anapiga simu na kusema hataweza kuja. Ratiba iliyochapishwa ni hii:

- 2:30–3:00 asubuhi: Mahudhurio
- 3:00–4:00 asubuhi: Mada elekezi, Ukumbi Mkuu
- 4:00–4:30 asubuhi: Chai
- 4:30–6:00: Kipindi A (mada tatu), Ukumbi Mkuu. Wakati huo huo, 4:30–5:30: Kipindi B (mada mbili), Chumba cha 2
- 6:00–8:00 mchana: Chakula na swala ya Ijumaa
- 8:00–9:00 mchana: Jopo la vitabu vya kiada, Ukumbi Mkuu
- 9:00–9:30 alasiri: Maazimio na kufunga, mgeni rasmi

## Uwe na nini mkononi

Ratiba ya mwisho iliyochapishwa, si rasimu iliyobaki kwenye kompyuta yako. Namba za simu za watoa mada wote, wenyeviti wa vipindi, mshereheshaji, fundi mitambo, mpishi na msimamizi wa ukumbi. Ruhusa ya kuhariri kundi la WhatsApp la washiriki na ukurasa wenye ratiba. Karatasi za A3 na kalamu nene, kwa sababu printa ya ukumbi hukosa wino siku unayoihitaji. Halafu mtu mmoja ambaye hakushiriki kupanga. Kazi yake utaiona katika hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Pata uhakika, mkubaliane maneno

Mpigie mwenyewe aliyejitoa. Usitegemee "nimesikia hatakuja". Muulize mambo mawili tu: je, hatakuja kabisa au anaweza kuzungumza kwa Zoom saa nyingine? Na angependa washiriki waambiwe nini?

Swali la pili ndilo watu wanalolisahau. Anaweza kuwa mgonjwa au ana msiba ambao hata ndugu zake hawajaupata wote. Ukiandika "anaumwa" kwenye kundi la watu 180, habari hiyo huwezi kuirudisha. "Amepata dharura" inatosha, na mwenyewe aikubali kwa kinywa chake.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kusema bila "labda": mada elekezi haipo kesho, na haikupangiwa muda mwingine. Usitumie neno "imeahirishwa" kama hamjaweka muda mwingine. Watu wataisubiri mchana kutwa.

## Hatua ya 2: Weka alama kwenye visivyosogezeka

Chukua ratiba na kalamu nyekundu. Zungushia kila kitu ambacho ukikigusa unagusa watu walio nje ya mamlaka yako. Katika mfano wetu ni vitatu.

Swala ya Ijumaa, ambayo muda wake unawekwa na msikiti. Mgeni rasmi, ambaye saa yake imepangwa na ofisi yake pamoja na msafara na ulinzi. Chai na chakula, kwa sababu mpishi anahesabu nyuma kutoka saa ya kupakua: ukisogeza chakula nusu saa, wali unapoa au haujaiva. Mimi naongeza cha nne: mtu anayesafiri siku hiyo hiyo. Hapa mwanajopo mmoja anakuja kwa treni ya asubuhi ya SGR kutoka Dar es Salaam na hatakuwa ukumbini kabla ya saa 4. Kwa hiyo jopo nalo haliwezi kwenda asubuhi.

## Hatua ya 3: Hamisha vitu vichache kadiri inavyowezekana

Hapa ndipo siku inapookolewa au kuharibiwa. Pengo la saa 3:00 asubuhi linamshawishi mpangaji kusogeza kila kitu juu kwa saa moja: chai saa 3, vipindi saa 3:30, chakula saa 5, na watu waondoke mapema. Linaonekana wazo zuri, lakini limebadilisha saa za vipengele sita vya ratiba badala ya kimoja. Kila saa iliyobadilika ni nafasi mpya ya mtu kukosea, na juu ya hayo umeshaigusa swala na umemgusa mgeni rasmi.

Jiulize badala yake: ni kipindi gani kimoja kinachoingia kwenye pengo bila kusukuma kingine? Hapa ni Kipindi B. Kina mada mbili za nusu saa, na pengo ni saa moja kamili. Kikihama kutoka 4:30 Chumba cha 2 kwenda 3:00 Ukumbi Mkuu, hakuna kingine kinachosogea. Kuna na faida ya ziada: vipindi A na B havigongani tena, hivyo aliyetaka kusikiliza vyote viwili atavisikiliza.

Angalia hatari yake pia. Kusogeza kitu kwenda mapema ni hatari kuliko kukichelewesha. Kipindi kikichelewa, aliyekuja kwa saa ya zamani anasubiri tu. Kikiwahi, anakikosa. Washiriki wa Kipindi B waliopanga kulala kidogo na kufika wakati wa chai ndio watakaoumia, kwa hiyo nguvu yote ya tangazo ielekezwe kwao.

Kama hakuna kipindi kinachotoshea, afadhali kuanza siku saa 4:00 kwa chai na kuliacha pengo wazi kuliko kuvuruga siku nzima. Kuanza kwa kuchelewa si aibu. Sipendekezi kumbana mtu aandae mada elekezi usiku kucha. Mada za namna hiyo huwa za kuchosha, na aliyekubali kwa heshima ndiye anayebeba lawama.

Kipimo cha hatua hii: ukiulizwa nini kimebadilika, unajibu kwa sentensi moja. Zikifika tatu, rudi mezani.

## Hatua ya 4: Piga simu kabla ya kuandika

Usiku huu simu ni za watu wachache: watoa mada wawili wa Kipindi B, mwenyekiti wao, fundi mitambo, mshereheshaji na msimamizi wa ukumbi. Pigeni, msitume ujumbe. Tiki mbili za buluu zinaonyesha kwamba mtu amefungua ujumbe, hazionyeshi kwamba amekubali.

Kwa watoa mada kuna swali ambalo halikuwepo mwanzo. Chumba cha 2 hakikuwa na Zoom, Ukumbi Mkuu unarushwa na kurekodiwa. Je, wanakubali kurekodiwa? Mwalimu anayeonyesha daftari za wanafunzi wake anaweza kukataa, na ana haki. Hilo mlimalize usiku, si dakika tano kabla ya kipindi.

Mpigie na mpishi, ingawa kwake hakuna kilichobadilika. Mwambie hivyo: "Chai saa 4 kama kawaida, chakula saa 6 kama kawaida." Usipomwambia wewe ataambiwa na uvumi.

Mmoja asipopokea, mpe hadi saa 2:45 usiku, kisha mtume mtu hotelini kwake. Ukikosa kumpata kabisa, usimpangie saa ya mapema. Mwache mwisho wa kipindi.

## Hatua ya 5: Andika saa zisizosomeka mara mbili

Lugha yetu ina mitego minne hapa, na yote nimeiona ikinasa watu.

Wa kwanza ni saa zenyewe. "3:00 asubuhi" kwa Mswahili ni saa tatu. Aliyezoea saa ya simu akiingiza 3:00 kwenye kalenda, kengele itamwamsha saa tisa usiku. Andika zote mbili kila mahali, bila kuacha hata mstari mmoja: saa 3:00 asubuhi (09:00). Hesabu ni kuongeza 6 au kutoa 6, lakini usimwachie msomaji aifanye. Neno la wakati, yaani asubuhi, mchana, alasiri au usiku, lisikosekane.

Wa pili ni "kimesogezwa mbele". Wengi wataelewa kwamba kimecheleweshwa, kama uchaguzi unaposogezwa mbele. Wengine wataelewa kwamba kimewahishwa, kimeletwa mbele ya vingine. "Kimerudishwa nyuma" nalo lina ugonjwa huo huo. Niliwahi kuandika kwamba kipindi kimesogezwa mbele kwa saa moja, na mtoa mada akafika saa mbili baada ya wasikilizaji wake. Tangu siku hiyo naandika namna moja tu: kilikuwa saa fulani, sasa ni saa fulani.

Wa tatu ni "kesho". Ujumbe uliotumwa Alhamisi saa 3 usiku utasomwa na wengi Ijumaa alfajiri, na "kesho" yao ni Jumamosi. "Usiku wa Ijumaa" nao, kwa watu wa pwani hasa, ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Taja siku na tarehe: Ijumaa, 14 Novemba.

Wa nne ni wa walio mbali. Andika "saa za Afrika Mashariki", kisha kwa kipindi kilichohama pekee wape saa yao. Bujumbura na Goma wako nyuma yetu kwa saa moja, kwao ni saa 2:00 asubuhi (08:00). Maskati wako mbele kwa saa moja, saa 4:00 asubuhi (10:00). London mwezi Novemba wako nyuma kwa saa tatu, saa 12:00 asubuhi (06:00). Kiangazi London huwa nyuma kwa saa mbili tu, kwa hiyo usinakili mstari huu kutoka tangazo la Julai.

## Hatua ya 6: Andika tangazo

Kilichobadilika kinatangulia, kisha kisichobadilika, kisha sababu kwa mstari mmoja. Pole na shukrani zikae chini. Watu husoma tangazo kwenye simu, na mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoonekana kabla ya kulifungua. "Ndugu washiriki, tunapenda kuwashukuru kwa ushirikiano" ikiila mistari hiyo, saa mpya haionekani.

> *RATIBA MPYA: Ijumaa, 14 Novemba (Toleo la 2)*
>
> *Kipindi B kilikuwa saa 4:30 asubuhi (10:30), Chumba cha 2. Sasa ni saa 3:00 asubuhi (09:00), Ukumbi Mkuu.*
>
> Mada elekezi iliyokuwa saa 3:00 asubuhi (09:00) haipo. Haikupangiwa muda mwingine.
>
> HAVIJABADILIKA:
> Chai: saa 4:00 asubuhi (10:00)
> Kipindi A: saa 4:30 asubuhi (10:30), Ukumbi Mkuu
> Chakula na swala ya Ijumaa: saa 6:00 mchana (12:00)
> Jopo: saa 8:00 mchana (14:00), Ukumbi Mkuu
> Kufunga: saa 9:00 alasiri (15:00)
>
> Chumba cha 2 hakitatumika Ijumaa.
>
> Saa zote ni za Afrika Mashariki. Kwa Zoom, Kipindi B: Bujumbura na Goma saa 2:00 asubuhi (08:00), Maskati saa 4:00 asubuhi (10:00), London saa 12:00 asubuhi (06:00). Kiungo ni kile kile.
>
> Mtoa mada elekezi amepata dharura. Tunawaomba radhi kwa usumbufu.
>
> Toleo hili linafuta lililotangulia. Sekretarieti, Alhamisi 13 Novemba, saa 3:15 usiku (21:15)

Orodha ya visivyobadilika ni ndefu kuliko habari yenyewe, na nimeiacha hivyo kwa makusudi. Msomaji akiona mabadiliko sehemu moja hushuku ratiba nzima, halafu anapiga simu. Mstari wa Chumba cha 2 nao una kazi: bila huo, atakayesahau atakwenda kule kwa mazoea.

Usitumie jedwali kwenye WhatsApp. Safu huvunjika na saa ya kipindi kimoja huangukia kingine. Jedwali liweke kwenye PDF tu.

## Hatua ya 7: Mpe mtu asomaye kwa mara ya kwanza

Sasa mwite yule ambaye hakuwa kwenye mpango. Mwonyeshe tangazo kwenye simu kwa nusu dakika, lichukue, kisha muulize: "Wewe ni mshiriki wa Kipindi B. Unakwenda wapi, saa ngapi?" Akijibu "Ukumbi Mkuu, saa tatu asubuhi", tuma. Akisita, kosa ni la tangazo.

Mwombe pia akague kila jozi ya saa. Kosa linalopita macho ya mwandishi mara nyingi ni 4:30 (16:30), pale mkono ulipoandika saa ya alasiri kwa mazoea.

## Hatua ya 8: Tuma lipya, ondoa la zamani

Mpangilio wa kutuma ni muhimu. Badilisha kwanza ratiba iliyo nyuma ya msimbo wa QR wa kwenye beji, kwa kiungo kile kile, ili anayeskani apate Toleo la 2. Futa PDF ya zamani kundini. Ipe mpya jina lenye toleo:

```
Ratiba_Ijumaa_14Nov_Toleo2.pdf
```

Jina kama `ratiba_mpya_final.pdf` halitamsaidia mtu aliye na mafaili matatu ya ratiba kwenye simu.

Ndipo utume tangazo kundini, ulibandike juu, na ufunge kundi ili wasimamizi pekee waandike hadi asubuhi. Usipofunga, "amina", "pole sana" na "tumepokea" 90 zitalizika. Ukigundua kosa la saa baada ya kutuma, usihariri kimyakimya: ujumbe uliohaririwa haumpigii mtu kengele upya. Tuma Toleo la 3, ufute la 2.

Wasio na intaneti watumie meseji ya kawaida, isizidi herufi 160 pamoja na nafasi:

```
RATIBA MPYA Ijumaa tarehe 14: Kipindi B sasa saa 3:00 asubuhi (09:00) Ukumbi Mkuu, si 4:30 Chumba 2. Mada elekezi haipo. Mengine hayajabadilika. Sekretarieti
```

Emoji moja tu hushusha kikomo hadi herufi 70, na ujumbe unakatwa vipande vinavyoweza kufika kwa kupishana. Hata ile alama ya juu iliyopinda katika neno lenye *ng'* hufanya hivyo, ikiwa simu imeiweka ya mapambo badala ya iliyonyooka.

Ukichelewa ukapita saa 4:00 usiku (22:00), tuma hivyo hivyo, lakini usihesabu kwamba limesomwa. Kwa vyovyote tuma tena Ijumaa saa 12:30 asubuhi (06:30), maneno yale yale bila kubadilisha hata nukta. Ukiyapamba upya, watu watadhani ni badiliko jingine.

## Hatua ya 9: Asubuhi, ukumbini

Bandika karatasi ya A3 penye mahudhurio, na nyingine kwenye mlango wa Chumba cha 2: "Kipindi B kimefanyika saa 3:00 asubuhi (09:00), Ukumbi Mkuu. Hapa hakuna kipindi leo." Kwenye mlango huo weka na mtu, kuanzia saa 4:15 hadi 4:45. Karatasi hainyooshi kidole kuelekea Ukumbi Mkuu, na haiwezi kumwambia aliyechelewa kwamba rekodi ipo na ataipata jioni.

Mshereheshaji atangaze saa 2:55 na tena kabla ya watu kutoka kwenda chai. Mwandikie saa kwa maneno, "saa nne na nusu asubuhi", kwa sababu mtu anayesoma tarakimu mbele ya watu hujikwaa. Asieleze habari za aliyejitoa zaidi ya maneno mliyokubaliana naye.

Hesabu watakaofika Chumba cha 2 kimakosa. Wakiwa wawili au watatu, tangazo limefanya kazi. Wakifika kumi, waulize kila mmoja aliona ratiba wapi. Karibu kila mara utakuta nakala moja ya zamani iliyosahaulika: kwenye ukuta wa hoteli, kwenye barua pepe ya mwaliko, au kwenye kundi dogo la wilaya fulani ambalo hukujua lipo. Iondoe kabla ya saa 8, jopo halijaanza.

Jioni, kabla ya kufunga kompyuta, hifadhi ratiba ya siku kama ilivyofanyika kweli. Watoa mada wa Kipindi B wataomba vyeti vyenye kipindi na saa waliyozungumza, na katika kumbukumbu za kongamano mada elekezi isionekane imetolewa wakati haikutolewa.